|x − 2| + |x + 4| = 10: kwa nini x inapotea katikati?

Zuhura_B
Wakuu, habari za jioni. Namsaidia mdogo wangu hesabu za thamani kamili. Zile nyepesi kama |x| = 5 hazitusumbui, jibu ni 5 au −5. Tumefika kwenye hii hapa:

|x − 2| + |x + 4| = 10

Njia ninayoijua ni kugawa mstari wa namba vipande vitatu, kisha kwenye kila kipande unafungua ile mistari ukiangalia alama. Kulia kwa 2 napata x = 4. Kushoto kwa −4 napata x = −6. Shida iko kwenye kipande cha katikati. Pale naandika (2 − x) + (x + 4) = 10, x zinakatana, nabaki na 6 = 10.

Mdogo wangu akauliza hiyo maana yake nini. Nikamwambia hapo hakuna jibu. Akauliza kwa nini, na mimi nikanyamaza. Swali linalofuata kitabuni ni lilelile, ila kulia wameweka 6 badala ya 10, na katikati inatoka 6 = 6! Kanuni ninazo. Ninachotaka ni mtu anieleze kinachotokea.

Bingwa_wa_Kanuni
Rahisi hiyo. Ukipata kitu cha uongo kama 6 = 10, swali halina jibu. Ukipata cha kweli kama 6 = 6, kila namba ni jibu. Ndivyo ilivyo kwa milinganyo yote.

Zuhura_B
Mkuu, lakini 4 nikiirudisha kwenye swali inatoa 2 + 8 = 10. Sasa vipi iwe halina jibu? Na kwenye lile la 6, nikiweka x = 100 napata 98 + 104, ambayo haifanani na 6 hata kidogo.

Bingwa_wa_Kanuni
Sawa, basi ni kwa kipande hicho tu. Katikati hakuna jibu kwenye la 10, na katikati kila namba ni jibu kwenye la 6. Kanuni yangu bado iko palepale.

Mzee_Rula
Bingwa umeirekebisha vizuri, lakini bado hujajibu "kwa nini" ya yule mtoto, na swali lake ni zuri kuliko kanuni zetu zote. Dada Zuhura, hesabu zako za vipande vitatu ni sahihi. Ziweke pembeni kidogo, chukua karatasi uchore mstari wa namba.

|x − 2| ni umbali kutoka x hadi 2. Ukitoa namba moja kwenye nyingine unapata pengo lililo kati yao, na ile mistari miwili inasema hatujali nani yuko kushoto na nani yuko kulia. |x + 4| nayo ni umbali, lakini si umbali hadi 4. Iandike |x − (−4)|, utaona kwamba ni umbali kutoka x hadi −4. Kila ukikuta kujumlisha ndani ya mistari, kugeuze kwanza kuwe kutoa, ndipo uweke nukta kwenye mchoro. Nimeona madaftari mengi ambayo kila kitu ni safi isipokuwa nukta imekaa upande usio wake.

Sasa swali lako linasomeka hivi: natafuta mahali pa kusimama ambapo umbali hadi 2, ukijumlishwa na umbali hadi −4, unafika 10.

Weka nukta zako mbili, −4 na 2. Pengo kati yao ni 6. Jaribu kusimama ndani ya pengo hilo. Ukiwa kwenye −1, uko 3 kutoka −4 na 3 kutoka 2, jumla 6. Sogea hadi 1: sasa ni 5 na 1, jumla 6. Rudi hadi −3.5: ni 0.5 na 5.5, jumla ni ileile 6. Unachokiongeza upande mmoja unakipunguza upande wa pili, kwa kiasi kilekile. Ukiwa ndani, umbali ule wa pande mbili ni pengo lenyewe lililokatwa vipande viwili, na pengo linabaki 6 popote utakapolikata.

Ndiyo maana x inapotea kwenye aljebra yako. Imepotea kwa sababu, ukiwa katikati, mahali uliposimama hapabadilishi jumla. Ile 6 = 10 inakwambia kwamba ndani ya pengo jumla ni 6 siku zote, nawe unadai 10. Haiwezekani, toka nje.

Tukitoka nje upande wa kulia, tuseme umepita 2 kwa kiasi h. Umbali wako hadi 2 ni h, na umbali hadi −4 ni 6 + h. Jumla ni 6 + 2h. Tunataka 10, kwa hiyo 2h = 4, h = 2, uko kwenye 4. Kushoto hali ni ileile: unapita −4 kwa 2, unafika −6. Kila hatua moja ya kutoka nje inaongeza jumla kwa 2, kwa kuwa unaziacha nukta zote mbili nyuma kwa pamoja.

Zuhura_B
Mzee, nimechora na mdogo wangu akaona kabla yangu. Kwa hiyo lile swali la 6 jibu lake ni kipande chote kuanzia −4 hadi 2?

Mzee_Rula
Ndiyo, pamoja na ncha zake. Na wangeweka 5, hakuna jibu popote, kwani huwezi kupata jumla ndogo kuliko pengo lenyewe. Mwambie kijana kabla ya kufungua chochote apime pengo, kisha alinganishe na namba ya upande wa kulia. Ikiwa ndogo kuliko pengo, afunge daftari. Ikiwa sawa, jibu ni kipande kizima. Ikiwa kubwa, kuna majibu mawili, moja kila upande, na kila moja limezidi ncha kwa nusu ya ile ziada.

Zile za kutolingana zinatoka kwenye mchoro huohuo bila kazi mpya. |x − 2| + |x + 4| < 10 inauliza ni wapi jumla haijafika 10. Kwenye 4 na −6 imefika, ndani yake haijafika, basi −6 < x < 4. Ukigeuza alama iwe > 10, jibu ni nje: x < −6 au x > 4. Hayo ni maeneo mawili yaliyotengana, msiyaunganishe kwa alama moja. Mtu akiandika 4 < x < −6 anadai kuna namba iliyo kubwa kuliko 4 na papo hapo ndogo kuliko −6.

Chipukizi
Naomba kuuliza hapohapo. Nimejaribu hii ya umbali kwenye |2x − 5| ≤ 3. Ndani nimegawanya kwa 2 ili x ibaki peke yake, nikapata nukta ya kati 2.5. Kisha nikaenda 3 kila upande, nikapata −0.5 hadi 5.5. Jibu la kitabu ni 1 hadi 4. Kitabu kimekosea?

Bingwa_wa_Kanuni
Kitabu kiko sawa. Fungua tu: −3 ≤ 2x − 5 ≤ 3, ongeza 5, gawanya kwa 2. Inatoka 1 ≤ x ≤ 4. Haya mambo ya kuchora yanapoteza muda.

Mzee_Rula
Njia ya Bingwa ni fupi na ni sahihi. Lakini Chipukizi anataka kujua alipoteleza, tumjibu hilo.

Nukta yako ya kati, 2.5, ni sahihi. Umegawanya ndani kwa 2 ukasahau kwamba 3 nayo ni sehemu ya kauli ileile. |2x − 5| ni mara mbili ya umbali kutoka x hadi 2.5. Kwa hiyo swali linasema mara mbili ya umbali huo isizidi 3, maana yake umbali wenyewe usizidi 1.5. Toka 2.5 nenda 1.5 kila upande, unapata 1 na 4.

Ukitaka kujikagua, chukua ncha uliyoipata na uirudishe kwenye swali. Kwako 5.5 inatoa |11 − 5| = 6, na 6 ni mara mbili ya 3 uliyoruhusiwa. Ncha ya kweli inatoa 3 kamili: kwa 4 ni |8 − 5| = 3. Ikitoka mara mbili hivi, ujue uligawanya upande mmoja ukaacha mwingine.

Mlinda_Dawa
Samahani kuingilia uzi, mimi si mtu wa hesabu ila naona kama mnaongelea tatizo langu. Kazini tunatunza chanjo kwenye friji, joto linatakiwa likae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Nimekabidhiwa faili lenye jedwali la vipimo, na lina fomula hii ya kutoa tahadhari:

```
=IF(ABS(A2)>8,"TAHADHARI","SAWA")
```

Kuna usomaji wa nyuzi −1, fomula ikasema SAWA. Nilidhani kipimajoto ndicho kibovu.

Zuhura_B
Hee, hii nadhani naiweza! ABS(A2) bila kutoa kitu ni umbali hadi sifuri, siyo? Kwa hiyo −1 iko karibu sana na sifuri, fomula inaona mambo mazuri.

Mzee_Rula
Hasa, Zuhura. Mlinda Dawa, kipimajoto chako hakina kosa kwa hilo. Fomula inauliza "joto liko mbali na sifuri kuliko 8?", na hilo silo swali lako. Kwa fomula hiyo hata −7 ni SAWA, na kuna chanjo zinazoharibika zikiganda, kwa hiyo inanyamaza pale panapohitaji kelele zaidi.

Unachotaka ni kugeuza "kati ya 2 na 8" kuwa umbali. Tafuta katikati: 2 na 8 jumla 10, nusu yake 5. Kutoka 5 hadi ncha yoyote ni 3. Joto zuri ni lile ambalo umbali wake hadi 5 hauzidi 3, yaani |t − 5| ≤ 3. Tahadhari inalia umbali ukizidi 3:

```
=IF(ABS(A2-5)>3,"TAHADHARI","SAWA")
```

Ijaribu kwa 2 na 8, zote zitoke SAWA. Kisha 1.9 na 8.1, zote zitoke TAHADHARI. Halafu −1: umbali hadi 5 ni 6, italia. Jaribu na seli tupu pia. Jedwali huisoma seli tupu kama sifuri, hivyo fomula ya zamani iliipitisha, na hii mpya itaipigia kelele. Mimi naona hivyo ni bora, kwa kuwa kipimo kisichoandikwa nacho kinahitaji mtu akiangalie.

Mlinda_Dawa
Nimebadilisha. Mistari kadhaa ya zamani imegeuka TAHADHARI papo hapo, na mingi ni ile ya upande wa baridi. Naipeleka kwa msimamizi. Ila swali: tukipata friji nyingine ya dawa za nyuzi 15 hadi 25, nabadilisha nini?

Chipukizi
Katikati 20, umbali 5. Kwa hiyo ABS(A2-20)>5.

Jongoo
Nimesoma yote, na nakubali kwamba inapendeza pale kulia kunapokuwa na namba tupu. Lakini hebu leteni umbali wenu hapa:

|x − 1| = 2x + 4

Upande wa kulia nao unasogea x inaposogea. Mnachora nini? Nikifungua kawaida napata x − 1 = 2x + 4, yaani x = −5, na x − 1 = −(2x + 4), yaani x = −1. Majibu mawili, kazi imeisha.

Zuhura_B
Jongoo, −5 nimeiweka. Kushoto |−6| = 6, kulia −10 + 4 = −6. Hazilingani.

Mzee_Rula
Zuhura amewahi. Jongoo, hapo wazo la umbali halikupi majibu kwa kuchora, hilo nakubali wazi. Linakupa kitu kingine: kushoto kuna umbali, na umbali hauwi hasi. Kwa hiyo kabla ya kufungua, kulia lazima kuwe sifuri au zaidi: 2x + 4 ≥ 0, maana yake x ≥ −2. Ukishaandika hilo pembeni, −5 inajitoa yenyewe. −1 inabaki, na inakaguliwa: |−2| = 2, na −2 + 4 = 2.

Kosa lako linatokana na kufungua mistari bila kukumbuka ilikuwa inalinda nini. Hesabu ya x − 1 = 2x + 4 ni halali kama mlinganyo wa kawaida, na −5 ni jibu lake la kweli. Ila kwa −5 pande zote mbili za mlinganyo huo ni −6, wakati mistari ingeigeuza ya kushoto kuwa 6.

Kwa mlinganyo wa aina hii mimi mwenyewe nafungua kwa aljebra nikiwa na lile sharti pembeni. Silazimishi mchoro.

Jongoo
Sawa, sharti nimelielewa. Lakini basi mimi ningeanza na aljebra kwa wanafunzi wote. Kwa nini uwape njia inayofika nusu ya safari?

Mzee_Rula
Kwa sababu anayeanza na aljebra peke yake anafika kwenye 6 = 10 asijue ameambiwa nini. Umeona swali la kwanza la uzi huu.

Bingwa_wa_Kanuni
Mimi niko na Jongoo. Kwenye mtihani hakuna anayekupa alama kwa picha. Na kuna njia ya tatu hamjaitaja. Ukiwa na thamani kamili pande zote mbili, weka kipeo cha pili pande zote, mistari inaondoka. |x − 1| < |x − 7| inakuwa x² − 2x + 1 < x² − 14x + 49, yaani 12x < 48, x < 4.

Chipukizi
Hiyo hata bila karatasi: nani yuko karibu na 1 kuliko 7? Katikati ni 4, kwa hiyo wote walio kushoto kwa 4.

Bingwa_wa_Kanuni
Umebahatika, zilikuwa nyepesi. Weka 2 mbele: |x − 1| < 2|x − 7|. Umbali wako hadi 1 uwe pungufu ya mara mbili ya umbali hadi 7. Kwa mchoro: ukiwa kati ya 1 na 7, pengo ni 6, unaligawa 4 kwa 2, unafika 5. Basi jibu x < 5. Sioni tofauti na aljebra.

Mzee_Rula
Bingwa, jaribu x = 20.

Bingwa_wa_Kanuni
19 < 26. Ni kweli... Kwa hiyo 20 nayo ni jibu.

Mzee_Rula
Umeipata nukta ya ndani, 5, na iko sawa kabisa. Iko nyingine nje. Ukitoka kulia kwa 7 na kwenda mbali, tofauti ya 6 kati ya umbali huo miwili haikui, lakini umbali wenyewe unakua, hivyo kuna mahali ambapo hadi 1 ni mara mbili kamili ya hadi 7. Mahali hapo, umbali hadi 7 ni sawa na lile pengo la 6, kwa hiyo ni 13: hadi 1 ni 12, hadi 7 ni 6. Kupita hapo, kauli inakuwa kweli tena. Jibu ni x < 5 au x > 13. Na kipeo chako cha pili kingekupa zote mbili kama ungekifuata hadi mwisho: inatoka 3x² − 54x + 195 > 0, gawanya kwa 3, x² − 18x + 65 > 0, ambayo ni (x − 5)(x − 13) > 0.

Jongoo
Ona sasa! Aljebra haikusahau 13. Mchoro ndio uliosahau.

Mzee_Rula
Aliyesahau ni mchoraji, aliangalia kipande kimoja cha mstari akaacha viwili. Lakini sitabishana sana. Kwa hesabu yenye namba mbele kama hii, kipeo cha pili ni salama, mradi pande zote mbili haziwezi kuwa hasi. Kwenye ile ya 2x + 4 usikitumie bila sharti, −5 itarudi.

Zuhura_B
Wakati mnabishana, mdogo wangu ameongeza nukta ya tatu mwenyewe. Anauliza |x + 4| + |x − 2| + |x − 5| inaweza kushuka hadi ngapi. Anasema nukta za nje, −4 na 5, zinatoa 9 popote ukiwa kati yao, kwa hiyo umbali unaobaki wa kupunguza ni ule hadi 2, basi simama juu ya 2 kabisa. Jumla 9. Nimejaribu 1 na 3, zote zimetoa 10. Yuko sawa?

Mzee_Rula
Yuko sawa, na hoja yake ndiyo ambayo ningeiandika mimi.

Chipukizi
Na nukta zikiwa nne? Nadhani unazifunga mbilimbili, za nje kwa za nje, za ndani kwa za ndani, halafu unasimama popote kati ya zile mbili za ndani. Ila kama mojawapo ina 3 mbele yake sijui naifunga na nani.

Jongoo
Hiyo yenye 3 iandike hapa kamili, nitaifanya kwa aljebra, naye kijana aifanye kwa mchoro. Tulinganishe kesho.